Asilimia pekee haikuambii ploti ipi ina maji mengi

Muhtasari mwingine wa pendekezo la utafiti umefika mezani: mahindi Morogoro, msimu wa masika, ploti zilizolimwa kwa plau dhidi ya zisizokatuliwa, bloku nne. Mpangilio ni mzuri. Halafu inakuja sentensi ileile: unyevu utapimwa kwa asilimia ya uzito, kisha ploti zitalinganishwa. Jamani!

Plau huvimbisha udongo. Asilimia ya uzito inalinganisha kilo kwa kilo, ilhali mhindi unanywa kutoka kwenye kina fulani cha shamba. Tuseme ploti iliyokatuliwa ina unyevu wa asilimia 18 na msongamano wa gramu 1.15 kwa sentimita moja ya ujazo, na isiyokatuliwa ina asilimia 16 na msongamano wa 1.35. Kwa asilimia, plau imeshinda. Sasa zidisha kwa kina cha milimita 150:

```
0.18 × 1.15 × 150 = 31.1 mm
0.16 × 1.35 × 150 = 32.4 mm
```

Mshindi amegeuka, na hakuna aliyedanganya.

Kwa hiyo kila sampuli ya unyevu iende na pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100 ya kupimia msongamano, kisha oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24. Usipime msongamano mara moja tu wakati wa kupanda ukautumia msimu mzima, maana udongo uliokatuliwa hushuka kadiri mvua zinavyoupiga. Pete nayo ina hila zake. Ukiigonga kwa nguvu kwenye udongo laini unaushindilia. Kabla ya kuichimbua, chungulia: uso wa udongo ndani ya pete ukiwa chini kuliko wa nje, mwaga, anza upya.

Hata milimita hizo haziniridhishi kabisa. Sentimita 15 za udongo uliovimba zina udongo mchache kuliko sentimita 15 zisizoguswa, hivyo kipi hasa tunalinganisha? Wengine hulinganisha kwa kina, wengine kwa uzito sawa wa udongo. Mimi nataka vyote viwili kwenye jedwali, msomaji aamue.

Uthabiti wa mabonge niupitie haraka. Sampuli zake zikaushwe kivulini, kamwe zisiingie oveni. Pima gramu 4 za mabonge ya milimita 1 hadi 2, chekecha majini kwa dakika 3 juu ya chekeche la milimita 0.25, kisha toa uzito wa mchanga uliobaki, la sivyo punje za mchanga zitahesabiwa kuwa mabonge imara. Andika pia kama mabonge yalitumbukizwa majini yakiwa makavu au yalilowanishwa polepole kwanza, kwa sababu yale makavu hupasuka kwa hewa iliyonaswa ndani na matokeo huwa tofauti kabisa.

Na tafadhali, dhana ya utafiti isiahidi kwamba mabonge yataimarika kwa msimu mmoja wa kutokatua. Huenda tofauti isionekane kabisa, na hilo nalo ni tokeo halali la kuandika.