Moto wa bluu bado unachafua hewa

Kuna ujumbe unaosambazwa: "Gesi haina moshi. Moto ukiwa wa bluu, funga madirisha upike, hakuna sumu."

Bluu huonyesha gesi inaungua vizuri, bila masizi. Lakini joto la moto huohuo huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani, ikatokea naitrojeni dioksaidi, inayowasha njia ya hewa na kumbana mwenye pumu. Macho hayaioni, ndiyo maana wengi huamini. (Mkaa ni mbaya zaidi, kweli.)

Fungua dirisha, na mlango wa upande wa pili. Kama una feni juu ya jiko, iwashe, kisha toka nje: usipohisi hewa ikitoka ukutani, huenda feni inairudisha jikoni baada ya kuchuja mafuta na harufu tu. Inayotoa nje, iache dakika 10 baada ya kuzima moto. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.