Je, wajua kwa nini fundi makini huisimulia upya kazi yako kabla ya kuchimba msingi?

"Nikishamweleza fundi ninachotaka na yeye akasema amesikia, kwa nini tena anirudishie yote kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kuanza?"

Kwa sababu agizo linaweza kufika sikioni neno kwa neno likiwa limebeba maana mbili. Aliyelipokea huchukua moja, na mara nyingi hajui kwamba ya pili ipo. Akilirudia kwa maneno yaleyale, maana zote mbili hurudi pamoja, na wewe unasikia ile ya kwako. Akilisema kwa maneno yake, analazimika kuonyesha ni ipi aliyoishika.

Kwa miaka mingi niliamini vingine. Nilidhani kurudia agizo ni kupima masikio: fundi akitamka vipimo vilevile nilivyovitamka mimi, kazi imeeleweka. Yule aliyekuwa akiuliza "kwa hiyo unataka hivi, na hivi, siyo?" nilimwona mzito wa kuelewa, na aliyejibu kwa kifupi nilimwona hodari. Imani hiyo nilikuwa nayo siku mama alipotaka kuongezewa chumba nyuma ya nyumba.

Mama alimwambia fundi: "Nataka chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda changu kikae na kabati langu likae." Fundi akajibu: "Kumi kwa kumi. Sawa, mama." Nilikuwa nimesimama palepale, nikaridhika. Chumba kilipokauka plasta, futi kamba ilisoma futi 8 na inchi 11 kutoka ukuta hadi ukuta.

Fundi hakudanganya, wala hakukosea hesabu. Alipima nje kwa nje. Ukuta wa tofali za inchi 6, ukihesabu pande zote mbili, unakula futi 1 nzima. Plasta ya nusu inchi kila upande inakula inchi 1 nyingine. Mama alikuwa akizungumzia nafasi ya kuishi, fundi akawa anazungumzia jengo, na wote wawili walisema "kumi kwa kumi" kwa haki kabisa. Kuna hata usomaji wa tatu, wa katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, ambao mafundi wengi huutumia wanapopanga mistari ya kuchimba. Huo ungetoa futi 9 na nusu kabla ya plasta.

Futi moja inaonekana ndogo mpaka uingize vyombo. Kitanda cha 6 kwa 6, ukiongeza fremu na ubao wa kichwani, kinachukua kama futi 6 na nusu za urefu. Kabati lina kina cha futi 2, na mama alilitaka likae kwenye ukuta unaotazama miguu ya kitanda. Jumla ni futi 8 na nusu. Katika chumba alichokiwaza, zingebaki inchi 18 kati ya kitanda na kabati. Katika chumba alichopata zilibaki inchi 5. Kabati lenyewe ni la milango 3, upana futi 4, kwa hiyo kila mlango una inchi 16. Kwenye nafasi ya kwanza mlango unafunguka. Kwenye ya pili unagonga kitanda kabla hata haujafika nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba lile jibu la "kumi kwa kumi, sawa" halikuwa limepima chochote. Chukua mfano wa gunia lililoshonwa mdomo. Nimekukabidhi, kisha nakuuliza kama umelipata. Unaliinua juu: "Hili hapa." Ninaona gunia ni lile langu, rangi ileile, mshono uleule, nami natulia. Lakini hakuna aliyeona kama wewe umechukulia ndani mna mahindi au mtama. Tunaweza kulipokezana mara kumi, na kila mara tutakubaliana kwamba gunia halijabadilika, kwa sababu kweli halijabadilika. Kinachotatua jambo ni kuufungua mshono na kumwaga kidogo kwenye ungo mbele yangu. Nikiona mtama wakati nilitaka mahindi, nitasema palepale.

Maneno ya fundi mwenyewe ndiyo ule ungo. Hawezi kusema "nikisimama ndani baada ya plasta, toka ukuta huu hadi ule ni futi 10" bila kwanza kuamua kichwani kama ni ndani au nje. Mara nyingi uamuzi huo anaufanya kwa mara ya kwanza wakati anaitafuta sentensi, na anashtuka yeye kabla ya mteja. Ndiyo maana zoezi hili linamsaidia hata kama mteja hajajibu kitu.

Hali hii haiko kwenye ujenzi tu. Mwambie mtu mliyezoea saa tofauti "njoo saa nane," naye atarudia "saa nane" bila wasiwasi, akija kwenye saa 8:00 ya simu yake, ambayo kwetu ni saa mbili. Angesema "yaani baada ya chakula cha mchana?" tofauti ingejitokeza hapohapo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mteja mwenyewe asieleze vizuri tangu mwanzo. Ni kwamba mwenye wazo halisikii pengo lililomo kwenye maneno yake. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga meza kwa mapigo ya nyimbo zinazojulikana sana, na wengine wakisie ni wimbo gani. Wagongaji walitarajia nusu ya nyimbo zitambuliwe. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3. Mgongaji anagonga huku wimbo mzima unaimba kichwani mwake, na msikilizaji anasikia ngo, ngo, ngo. Jaribio lile lilihusu nyimbo tu, lakini mama naye alipotamka "kumi kwa kumi" alikuwa tayari anakiona kitanda, kabati na njia ya kupita. Kwake hakukuwa na maana ya pili ya kufafanua.

Nilipowaeleza watu haya, wengi walinipinga kwa mfano wa marubani. Rubani hurudia maelekezo ya mnara kama alivyopewa, tena haruhusiwi kuyapamba. Mfano huo ni mzuri, ila unaonyesha kitu kingine. Anga imejenga msamiati ambao kila neno limepewa maana moja, kwa hiyo kinachobaki kupimwa ni masikio kweli. Pale msamiati ulipokuwa na ufa, kurudia hakukusaidia. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege ya KLM ilipewa maelezo ya njia ya kufuata baada ya kupaa. Kibali chenyewe cha kupaa kilikuwa bado. Rubani msaidizi aliyarudia yale maelezo, kisha akaongeza maneno ya Kiingereza yanayoweza kueleweka kuwa tuko tayari mahali pa kupaa, au kwamba tunapaa. Mnara ukajibu "sawa," na sentensi iliyofuata ya kuwataka wasubiri ikafunikwa na sauti ya ndege nyingine redioni. KLM ilikuwa imeshaanza kukimbia kwenye njia ileile iliyokuwa na ndege ya Pan Am, katikati ya ukungu. Walikufa watu 583.

Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, na sitaki kuitundika yote kwenye neno moja. Lakini mojawapo ya marekebisho yaliyofuata lilihusu neno lenyewe: sasa neno la "kupaa" husemwa tu wakati wa kutoa kibali cha kupaa au kukifuta, na kwingine kote husemwa "kuondoka". Wenzetu wa anga waliliziba neno lisibebe maana mbili. Kwenye kiwanja cha ujenzi hatuna mamlaka ya kuyafunga maneno ya mama yangu, kwa hiyo tunabaki na njia ya pili, ya kuyafumua.

Kuyafumua nako kuna namna yake. Nimesikia fundi akimwambia mteja, "Basi nitaseti senta kwa senta, ukuta wa kusimamisha," na mteja akaitikia kwa heshima, "Haya." Yale yalikuwa maneno ya fundi kweli, lakini mteja hakuwa na uwezo wa kuyakataa. Kauli inayofaa ni ile ambayo mwenye kazi anaweza kuiona na kusema "hapana": kitanda kiko wapi, mlango unafungukia upande gani, ukisimama hapa unagusa nini. "Ndiyo" ya mtu asiyeweza kuliona kosa ni adabu tu.

Na hata ikifanywa vizuri, ina mipaka. Mambo ambayo wote wawili wameyasahau hayatajitokeza. Kama hakuna aliyewaza maji ya mvua yatapita wapi, simulizi itapita safi na maji yataingia ndani. Hospitalini pia, ambako mgonjwa huombwa aeleze kwa maneno yake atakavyotumia dawa, tafiti zinaonyesha vizuri kwamba watu wanayashika zaidi maelekezo. Kwamba hilo linawazuia kurudi wodini, matokeo hayajakubaliana.

Wakati wa kuyasema haya yote ni pale kamba zimefungwa kwenye vigingi na jembe bado halijaingia ardhini, maana kuhamisha kigingi hakugharimu kitu. Pima kati ya kamba mbili za ndani, na uwe mwangalifu: safu za tofali za msingi mara nyingi hulazwa kwa upande mpana, tofali la inchi 6 likatoa unene wa inchi 9. Ukipima ndani ya msingi huo, chumba kitaonekana kimepungua inchi 3 kuliko kitakavyokuwa ukuta ukishasimamishwa katikati yake. Wengi hugombana na fundi siku ya kupima msingi bila sababu.

Mwaka uliofuata tulijenga chumba cha pili, na fundi mwingine. Alifunga kamba, akamwomba mama aingie asimame katikati. "Mama," akasema, "plasta ikikauka, futi kamba ikigusa ukuta huu na ule itasoma kumi. Kichwa cha kitanda chako kitakuwa huku, kabati pale miguuni, na katikati unapita wewe bila kugeuka ubavu. Dirisha liko nyuma ya kabati. Ndivyo?"

Mama akatazama mahali ambapo dirisha lingekuwa. "Vipimo ndivyo, baba. Lakini nyuma ya kabati dirisha la nini?"

Mimi nilikuwa nimelisikia dirisha hilo likitajwa mara tatu wiki ile. Fundi akaingia ndani ya kamba, akavuta mstari kwa kisigino kwenye upande wa mashariki, akamuuliza kama upepo wa huko anautaka.