Hashitagi kugeuka bluu haina maana kwamba inafanya kazi

Juzi mteja wangu wa Tanga, mama anayeuza samli na mtindi, alinitumia posti yake ya Instagram akilalamika kwamba haionwi na mtu. Nikamwambia hashitagi zake mbili ni bure. Akanijibu kama wanavyonijibu wote: "Mbona zimegeuka bluu, mwanangu?" Jibu hili nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo nalieleza mpaka mwisho.

Bluu inakuambia jambo moja tu: programu imeona alama ya reli na herufi zilizoifuata. Haikukagua kama ukurasa wa neno hilo uko wazi. Hashitagi ni mlango wa kuingilia ukurasa unaokusanya posti za wote waliotumia neno lile. Ukurasa ukifichwa, neno linaendelea kung'aa bluu kwenye maelezo yako, ila anayelitafuta haoni kitu. Wafuasi wako bado wanaweza kukuona. Unaowakosa ni wageni, na hashitagi uliiweka kwa ajili yao.

Lakini kuna wengine wakitafuta neno wakakuta patupu, papo hapo wanatangaza kwamba limepigwa marufuku. Taratibu jamani! Yule mama aliandika #ng'ombe. Ritifaa hukata hashitagi, kwa hiyo iliyobaki ni #ng, na "ombe" likawa maandishi ya kawaida. Aliona bluu, hakuangalia inaishia wapi. Sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na ng'arisha tunaangukia hapo kila siku. Andika #ngombe, yatosha. Pia akaunti iliyofunguliwa kwa wafuasi pekee haiingizi posti kwenye kurasa hizo hata neno likiwa safi.

Iliyofichwa kweli ina dalili zake. Neno umeliandika sawa, akaunti yako ni ya wazi, umeshaposti nalo, na bado ukilitafuta kwa simu ya mtu mwingine hupati posti hata moja. Au unapata chache za juu, pamoja na ujumbe kwamba nyingine zimefichwa kwa sababu watu wameripoti maudhui yake.

Hapo ndipo watu huuliza, "Neno lenyewe lina ubaya gani?" Mara nyingi halina. Julai 2015 Instagram ilizuia kutafuta #curvy, neno ambalo wanawake wenye miili iliyojaa walilitumia kwa fahari. Tatizo lilikuwa picha za utupu zilizorundikwa chini yake. Baada ya kelele nyingi, lilirudishwa mwezi huohuo. Mei 2021 ikawa zamu ya #AlAqsa, wakati watu walipokuwa wakiposti yaliyokuwa yakitokea msikitini Yerusalemu. Ripoti huru iliyotolewa Septemba 2022 ilieleza chanzo: mfanyakazi wa kampuni iliyopewa kazi na Meta, wenye Instagram, alichukua maneno kutoka orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Orodha hiyo ilikuwa na jina la kikundi cha wapiganaji chenye neno Al Aqsa ndani yake, naye kwa makosa akaliingiza jina la msikiti kwenye orodha ya kuzuiwa. Kwa hiyo neno hufungwa kwa sababu ya majirani zake, au kwa kufanana jina, kisha huweza kufunguliwa. Zile orodha za "hashitagi marufuku" zinazozunguka WhatsApp huchacha haraka kuliko mtindi. Tafuta mwenyewe siku unayoposti.

Hashitagi ya pili ya yule mama ilikuwa neno la Kiingereza la kupunguza mwili, alilolinakili kutoka orodha ya namna hiyo. Lilifichwa, tena halihusiani na samli. Hasara ya kwanza iko wazi: nafasi imekwenda bure. Ya pili inahusu mapendekezo. Instagram inaweza kuiacha posti mahali pake lakini isiipeleke kwa wasiokufuata, na maneno unayoiambatanisha nayo husaidia kuieleza ni posti ya nini. Samli iliyopangwa pamoja na dawa za kukondesha imejieleza vibaya.

Je, neno moja bovu huzima na yale mazima? Wengi hufundisha hivyo kwa uhakika ambao mimi sina. Nimejaribu: posti mbili zinazofanana, moja na neno lililofichwa, nyingine bila. Ya pili ilifikia wageni wengi zaidi. Lakini saa zilitofautiana, picha hazikuwa ileile, na siku moja ilikuwa Ijumaa. Kwa ushahidi huo siwezi kuapa. Naliondoa neno kwa sababu kulibakiza hakuniletei faida yoyote.

Kabla ya kulaumu hashitagi, fungua Account Status kwenye mipangilio uone kama akaunti yako inaruhusiwa kupendekezwa. Ya mama ilikuwa safi. Tuliandika #ngombe, tukafuta lile la kukonda, tukaweka #samli na #tanga, kila moja tukiitafuta kwanza. Posti ya zamani hatukuigusa. Alipiga picha mpya ya chupa za samli dirishani asubuhi, na wageni wawili wakauliza bei siku hiyohiyo. Huenda ni hashitagi. Huenda ni ule mwanga wa dirishani.