Picha ya kutazamwa mara moja: usiifungue kabla hujashika kalamu

Mtoto wa dada yangu alikuwa akitafuta pikipiki ya mtumba afanye bodaboda. Muuzaji mmoja wa Kongowea akamtumia picha ya logibuku kwa WhatsApp, ile ya kutazamwa mara moja, yenye alama ya 1 ndani ya duara. Ilimkuta kwenye feri ya Likoni, amebanwa na watu, akaifungua papo hapo. Kufika ng'ambo, alichokumbuka ni namba pleti na jina la kwanza la mwenye pikipiki. Akaniletea simu: "Mjomba, nirudishie." Nikamwambia hairudi.

Dhana: Picha ikishaingia, saa imeanza kuhesabu.

Haijaanza kwa namna anayodhani. Picha ambayo hujaigusa hukaa siku 14 tangu ilipotumwa, ndipo hufutika. Na ukiifungua hakuna sekunde zinazokukimbiza. Utaitazama hadi uchoke. Kinachoimaliza ni kutoka. Ukishaifunga, imekwenda. Kwa hiyo iache hivyo hivyo hadi ufike nyumbani, utafute karatasi na kalamu, uketi penye mwanga, ndipo uifungue.

Dhana: Nitapiga skrinshoti.

Tangu 2022 WhatsApp huzuia skrinshoti ya picha hizi. Simu ya pili inaweza kuipiga picha simu ya kwanza, na mtumaji hatapata taarifa yoyote. Kwa karatasi za biashara sioni ubaya. Picha ya faragha ya mtu ni habari nyingine kabisa, na kuisambaza picha ya utupu ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya 2018 ya makosa ya kompyuta.

Dhana: Nitaitoa kwenye bakap.

Iliyokwisha kufunguliwa haimo kwenye bakap. Ambayo haikuwa imefunguliwa wakati bakap inafanywa, hiyo yaweza kurudi. Njia nyepesi ni kumwomba mtumaji aitume tena. Yeye kama aliitoa kwenye galari yake, bado anayo. Akikataa kuituma mara ya pili, hilo nalo liandike.

Dhana: Ni sawa na meseji zinazofutika.

Hizo ni nyingine. Hufutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 tangu zilipotumwa, hata kama hujazisoma. Hapo skrinshoti inakubali, na picha iliyojipakua kwenye galari hubaki hata gumzo likishafutika.

Dhana: Nikiona kwa macho yatosha.

Hapa ndipo kijana alipoteleza. Muuzaji alikubali kutuma tena, tukaketi barazani baada ya magharibi. Juu ya karatasi tukaandika kwanza tarehe, saa, na namba ya simu iliyotuma. Kisha tukaifungua. Yeye akasoma kwa sauti, mimi nikaandika: namba pleti, jina kamili la mwenye, namba ya injini, namba ya chesisi. Jina la mwenye tuliandika kama lilivyo, hata herufi iliyoonekana kukosewa. Tarakimu moja ya injini ilikuwa na kivuli cha kidole. Tukaweka alama ya kuuliza mahali pake, hatukukisia.

Chesisi ya pikipiki kama hizi huwa na herufi na tarakimu 17, na ndani yake hamna I, O wala Q. Yeye alisoma "O", nikaandika sifuri. Nikahesabu: 16. Alikuwa ameruka moja, na kwa kuwa picha ilikuwa bado wazi, tuliipata. Hesabu kabla ya kufunga, baadaye huna pa kurudi.

Tulipoifunga, kijana alimwandikia muuzaji kwa meseji ya kawaida: "Nimeona logibuku, chesisi ni hii," akaichapa yote, "ndiyo pikipiki unayoniuzia?" Akajibiwa: "Ndiyo hiyo." Kabla ya kuuliza tulihakikisha gumzo lenyewe halijawekewa muda wa kufutika, basi jibu limebaki kwa maneno yake mwenyewe. Karatasi nayo haikuwa bure: sheria ya ushahidi ya Kenya humruhusu shahidi kujikumbusha kwa maandishi aliyoyaandika wakati jambo likitokea.

Asubuhi tukaenda Kongowea na karatasi yetu. Nikainama kwenye shingo ya usukani, nikafuta vumbi kwa kitambaa, nikasoma zile zilizogongwa kwenye chuma huku kijana akifuatisha kwa kidole. Kumi na sita zililingana. Ya mwisho kwenye karatasi ilikuwa 3, kwenye chuma 8.

"Hayo makosa ya chapa tu, mzee," akasema muuzaji.

Kijana akaikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na pesa zake.