Yenye sahihi si lazima iwe sahihi

Juzi kwenye kikao huku Mtumba, mtu wa tehama aliulizwa kama sasisho la mfumo ni salama kuwekwa kwenye kompyuta zote. Akajibu bila kusita: "Lina sahihi, kwa hiyo ni sahihi." Wajumbe wakaridhika, chai ikaletwa. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno sasa.

Kusaini programu ni jambo la mistari miwili. Mtengenezaji anakokotoa heshi ya faili, yaani namba fupi inayobadilika kabisa ukigusa hata herufi moja ya faili hilo, kisha anaisaini kwa ufunguo wake wa siri. Kifaa chako kinahakiki kwa ufunguo wa wazi, pacha wa ule wa siri, na faili likiwa limebadilishwa njiani, kinalikataa.

Kinachotuponza ni neno lenyewe. Sahihi tumeitoa kwenye Kiarabu, na kwa asili ni kitu kizima, kisicho na kasoro. Kiswahili kikaliongezea kazi ya pili: alama anayoweka mtu chini ya hati kuonyesha kwamba ameikubali. Maana mbili zikakaa nyumba moja, na sasa mtu anaingia kwa mlango wa moja na kutokea kwa mlango wa nyingine bila kujua. Ndiyo maana mimi hupenda saini, ingawa wapenda lugha huliona la kuazima. Muhuri ni zuri zaidi. Lakiri juu ya bahasha inakuambia imefungwa kwa muhuri wa nani na kwamba haijafunguliwa tangu hapo. Kama barua iliyomo ni ya uongo, lakiri haina habari.

Waulize waliotumia Orion, programu ya kampuni ya SolarWinds ya kusimamia mitandao. Wavamizi hawakuiba ufunguo wala kubadilisha faili njiani. Waliingia kwenye mashine ya kujengea, ile inayogeuza msimbo walioandika watu kuwa faili la kuendeshwa, wakaacha humo kijiprogramu kinachovizia. Kikiona `MsBuild.exe` imeanza kuijenga Orion, kinabadilisha faili moja, `InventoryManager.cs`, na kuweka lenye mlango wa siri. Ujenzi ukiisha, kinarudisha la awali. Aliyekagua msimbo hakuona kitu. Kisha kampuni yenyewe ikasaini, kwa ufunguo wake halali. Wateja wapatao 18,000 walipokea masasisho hayo kuanzia Machi 2020, na jambo likagundulika Desemba. Saini ilikuwa halisi muda wote huo.

Pengo basi liko kati ya msimbo na faili, kabla saini haijawekwa. Hapo ndipo unapoingia ujenzi unaorudika: mtu mwingine, kwenye mashine nyingine, anachukua msimbo ule ule na zana zile zile, anajenga, anapata faili lile lile, baiti kwa baiti. Mvamizi aliyeshika mashine moja hataweza kujificha, maana mashine ya pili itatoa kitu tofauti.

Kwa maneno ni rahisi. Jaribu uone. Mimi nikijenga Dodoma saa tatu asubuhi na mwenzangu Singida saa kumi jioni, heshi zetu zitapishana kwa sababu tu kompaila au zana ya kufungashia imeandika saa ndani ya faili. Wakati mwingine tatizo ni jina la folda, au mpangilio wa mafaili. Dawa ya saa ni kuwapa wote saa ile ile ya kubuni, kwa kawaida ile ya badiliko la mwisho la msimbo, ikihesabiwa kwa sekunde tangu 1970:

```
export SOURCE_DATE_EPOCH=1704067200
```

Hiyo ni 1 Januari 2024, saa tisa usiku kwetu. Debian, wanaotoa mfumo huria wa kompyuta, wamehangaika na vitu vidogo vya namna hii tangu 2013.

Kuna kitu kimoja usichoweza kukirudia, nacho ni saini, kwa kuwa ufunguo huna. Kwa programu za Android, F-Droid, wenye duka la programu huria, wana njia nzuri: wanajenga wenyewe, wananakili saini ya mtengenezaji na kuibandika kwenye faili lao, kisha wanahakiki. Ikikubali, mafaili ni mamoja. Ila kama ubaya uliandikwa kwenye msimbo wenyewe, wote wawili mtaujenga ule ule, na hapo hakuna njia ila kuusoma.

Wewe mwenye simu hutajenga chochote, najua. Lakini Android haikubali sasisho lenye saini ya ufunguo tofauti na wa programu iliyomo. Fundi wa mtaani akiona imegoma husema, "Futa ya zamani, weka upya." Inakubali kweli, kwa sababu umeifutia simu kumbukumbu ya ufunguo iliyokuwa ikilinganisha nayo. Kabla hujafuta, muulize faili kalitoa wapi.

Na ndugu yangu wa Mtumba, safari ijayo ukiulizwa, jibu tu: "Limetoka kwao, na halijaguswa tangu waliposaini." Wakikuuliza kama ni salama, hilo ni swali la pili.