Usizidishe kwa mbili

Mwenye gesti huko Shela, Lamu, aliniletea hesabu za Januari hadi Juni: faida shilingi 2,400,000. "Zidisha kwa mbili, mwalimu, tulipe yaishe." Mauzo yake yanapita milioni 25, kwa hivyo kodi ya mauzo haimhusu. Ni kampuni inayolipa asilimia 30 ya faida, kwa awamu nne sawa: tarehe 20 Aprili, Juni, Septemba na Disemba.

Angezidisha, faida ingekuwa 4,800,000 na kodi 1,440,000. Lakini Lamu miezi haifanani. Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, vyumba hujaa. Mei na Juni unasikia punda tu vichochoroni.

Kwanza niliisafisha ile 2,400,000. Ndani yake mlikuwa na arbuni 500,000 za wageni wa Disemba, zilizoandikwa kama mauzo. Nikazitoa. Bima na leseni za mwaka mzima, 300,000, zilibebeshwa Januari yote. Nikarudisha nusu, 150,000. Ikabaki 2,050,000.

Nusu ya pili huianzia kwenye miezi hiyo hiyo ya mwaka uliopita, baada ya kuisafisha vivyo hivyo: 1,400,000. Kisha nauliza kitakachobadilika. Septemba anaezeka upya makuti, 700,000, na vyumba vitakavyofungwa vitamkosesha kama 100,000. Bei mpya za Disemba zitamwongezea 150,000. Inabaki 750,000. (Kubadilisha makuti kwa makuti ni ukarabati, hukatwa wote mwaka huo. Angejenga ghorofa, huo ni mtaji, na hesabu ingekuwa nyingine kabisa.)

Jumla ya mwaka ni 2,800,000, kodi 840,000. Sheria inaruhusu kulipa kwa kufuata makadirio ya mwaka huu au asilimia 110 ya kodi ya mwaka jana, iliyo ndogo. Mwaka jana alilipa 900,000, kwa hivyo kipimo cha pili ni 990,000, na ndicho alichotumia Aprili na Juni: 247,500 mara mbili, jumla 495,000.

Kufikia Septemba anatakiwa awe amelipa robo tatu ya 840,000, yaani 630,000. Anaongeza 135,000, na Disemba 210,000. Angelipa kwa kufuata makadirio yake ya kwanza, 1,440,000, Septemba angetoa 585,000, mwezi ule ule mafundi wa makuti wanadai chao.

Wasiwasi wangu ni hayo makuti. Mafundi wakiahirisha hadi Februari, zile 800,000 zinarudi kwenye faida na kodi inapanda hadi 1,080,000. Kwa hiyo nilimwambia anipigie simu mwanzoni mwa Disemba. Paa likiwa halijaguswa, tunarudi kwenye 990,000: badala ya 210,000 analipa 360,000, na 90,000 zilizobaki zinasubiri mwisho wa Aprili. Akinyamaza na kulipa 210,000, awamu zake zitakuwa pungufu kwa vipimo vyote viwili, na deni lililochelewa hupata riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Alinijibu kwamba makuti tayari yako jahazini. Nikamwomba risiti.