Mpango wa sauti na orodha ya muziki katika tamthilia ya bajeti ndogo

Mpango wa sauti ni karatasi inayoandikwa kabla kamera haijawashwa. Unaeleza kila onyesho litasikika vipi na kila sauti itapatikana wapi. Orodha ya muziki, ambayo wengi kwenye fani huiita kyu shiti, huja mwishoni kabisa, picha ikishafungwa, yaani hakuna tena kuongeza wala kukata. Inaeleza ni muziki gani umetumika, kuanzia sekunde ipi hadi ipi, na ni mali ya nani. Mpango ni wenu wenyewe, lakini orodha itasomwa na watu wa nje: kituo cha televisheni na chama kinachokusanya mirabaha.

Tuchukue tamthilia ya dakika 24 inayorekodiwa katika nyumba ya kupanga. Onyesho la 7 ni usiku. Zena anaosha vyombo uani, redio inaimba taarabu, mumewe anaingia na kumwambia pesa ya kodi haipo tena. Zena ananyamaza, anazima redio, ndipo anajibu.

Kwenye mpango, onyesho hili linaandikiwa kwamba redio itakuwa kimya siku ya kurekodi. Mwigizaji ataigiza kuizima tu, na wimbo utawekwa wakati wa kuhariri. Sababu ni kwamba mazungumzo yale yatarudiwa mara kadhaa, kamera ikihamishwa. Wimbo ukiwa unapigwa kweli, kila safari utakuwa umefika ubeti mwingine, na mhariri akiunganisha vipande, mwimbaji atarukaruka katikati ya neno. Tena sauti ya wimbo ikishachanganyika na ya Zena kwenye maiki, ni vigumu kupunguza moja bila kuharibu nyingine.

Vyombo navyo vinasumbua, maana sufuria likigongwa hufunika neno. Mpango utasema Zena aoshe taratibu wakati wa maneno, kisha baada ya onyesho aoshe peke yake dakika chache bila mtu kusema, maiki ikiwa karibu na beseni. Hiyo ni bure, na inakuepusha kwenda kuigiza mlio wa sufuria studio baadaye.

Kisha kuna ukimya. Uani usiku hakuna kimya kitupu: kuna nyenzere, kuna barabara kwa mbali. Kabla ya kufungasha, watu wote wanasimama kimya dakika nzima na maiki inarekodi pale pale ilipokuwa. Kipande hicho ndicho kinachoziba mianya kati ya maneno. Bila hicho, kila mkato utasikika hewa ikikatika, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Friji nalo lizimwe. Mafundi sauti wana ujanja wao hapa: weka funguo za gari ndani ya friji, hutaondoka bila kuliwasha tena.

Picha ikishafungwa, orodha inajazwa. Sehemu ya kwanza itasomeka hivi:

M1: 00:00:10 hadi 00:00:52, sekunde 42, muziki wa utambulisho.
M2: 00:06:18 hadi 00:07:05, sekunde 47, wimbo wa redioni, wahusika wanausikia.
M3: 00:07:31 hadi 00:08:20, sekunde 49, ala za chinichini, wahusika hawausikii.

Mbele ya kila mstari huandikwa jina la kazi, mtunzi wa maneno na muziki, msanii, mwenye rekodi, na mgawo wa kila mwenye haki kwa asilimia. Kituo kikirusha tamthilia, chama hutumia mistari hii kujua mirabaha iende kwa nani. Jina likikosewa, hela inaweza kwenda kwingine au isiende popote.

Orodha, hata hivyo, si ruhusa. M2 inahitaji ruhusa mbili kabla ya yote: ya utunzi na ya rekodi. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 yenyewe inatenganisha hakimiliki, ambayo ni ya mtunzi, na hakishiriki, ambayo ni ya waimbaji na wenye rekodi, na hapo ndipo wengi hunaswa. Mwimbaji anaweza kukukubalia kwa moyo mweupe kumbe rekodi ni ya aliyeigharimia studio. Na ule usemi wa vijiweni kwamba wimbo chini ya sekunde kadhaa ni bure hauna msingi. Kwa bajeti ndogo, ni afadhali kumlipa kijana wa kinanda atunge taarabu fupi, mwandikiane haki zote mbili kwa karatasi moja.

Inabaki redio ya jirani. Ikipenya kwenye maiki na wimbo ukatambulika, huo nao ni muziki uliotumika: utahitaji ruhusa na mstari wake kwenye orodha. Kwa hiyo mtu wa sauti avae hedifoni muda wote, na akiisikia aombe kurudia palepale, jirani akiwa ameshaombwa apunguze.